Tiki moja, maana mbili: samahani niliyoituma Bunda

Wadau, oda ikichelewa wengi wetu tunakimbilia "samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza". Na mimi niliiandika hiyo, nikaifuta kabla sijatuma. Ngoja niwape mkasa wenyewe.

Nauza fulana za kuchapwa kwa mtandao, duka liko Musoma. Kikundi kimoja cha Bunda kiliagiza fulana 40 za kuvaa wakienda Butiama tarehe 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere. Bei 12,000 kila moja, jumla 480,000, nusu wameshalipa. Tulikubaliana mzigo uwe Bunda tarehe 12 jioni, wagawane kwenye kikao chao.

Foleni yetu ya kazi ni ubao ukutani. Dada wa asubuhi anatoka saa 8 mchana, kijana wa jioni anaingia. Siku hiyo dada aliweka tiki kwenye oda ya Bunda, akimaanisha kazi imeanza. Kijana akaisoma kwamba imekwisha, akaendelea na oda inayofuata. Saa 10 jioni tunafunga mzigo wa kupakia kwenye gari, tunahesabu: 26. Zilizobaki 14 ni kazi ya dakika 45 hivi, ila gari halikutusubiri. Mzigo ukafika Bunda kesho yake saa 4 asubuhi.

Katibu wao nilimpigia palepale, na hiyo usiiruke, maana mteja asigundue mwenyewe. Lakini simu haibaki kwenye kumbukumbu. Oda ilikuja kwa barua pepe, na yeye ana wenzake wa kuwaonyesha. Kwa hiyo baada ya kuhesabu na kuthibitisha kuwa 40 zimetimia, nikajibu kwenye barua ileile ya oda, ili bei, tarehe na samahani vikae pamoja.

Jaribio la kwanza lilisema "kutokana na mabadiliko ya zamu kulitokea changamoto". Nilipolisoma kama mteja, likanichefua. Zamu ni mambo ya ndani ya duka langu, yeye yanamhusu nini? Kuandika "kijana wangu alisahau" ni kubaya zaidi, kwa sababu atajiuliza kama oda ijayo atashika kijana huyohuyo. Na haikuwa kweli. Ubao ni wangu, tiki isiyo na maana moja ni yangu.

Kabla ya kuandika upya nilimuuliza swali moja: kuchelewa kumewagharimu nini? Akasema wanachama sita wa vijijini waliondoka kikaoni mikono mitupu, na kuwapelekea kwa bodaboda kumekula 18,000. Sasa nikawa na kitu cha kuombea samahani. Nikatuma hivi:

> Ndugu Katibu,
>
> Fulana 40 mlizotakiwa kuzipata tarehe 12 Oktoba jioni zilifika tarehe 13 saa 4 asubuhi. Kosa ni letu. Mfanyakazi mmoja alipompisha mwingine, oda yenu ilihesabiwa kuwa imekwisha wakati fulana 14 zilikuwa bado, na hatukuhakiki.
>
> Najua wanachama sita walikosa fulana kikaoni na mmelipa bodaboda 18,000. Nimezipunguza kwenye salio: badala ya 240,000, mtalipa 222,000.
>
> Kuanzia leo, anayetoka na anayeingia wanahesabu pamoja kila oda iliyo wazi na kuandika idadi kwenye ubao. Samahani sana, kwenu na kwa wale sita.

Angalieni saa. Nimeandika "saa 4 asubuhi" na tarehe, sio "saa 4" peke yake. Na nimetaja saa ya mzigo kufika, maana zile dakika 45 za mashine mteja hakuziona. Yeye aliona usiku mzima.

Kuhusu pesa, kidole kilishaanza kuandika punguzo la asilimia 20. Hiyo ni 96,000, na faida yangu kwenye oda nzima ilikuwa kama 90,000. Ningekuwa nimelipia kuwafanyia kazi! Nikarudisha hasara yao halisi tu. Ila kama mzigo ungefika tarehe 15, shughuli imeshapita, 18,000 ingekuwa matusi. Hapo ungeongelea kurudisha hela zenyewe.

Kuhusu ile ahadi ya mwisho, usiiandike kabla hujaifanya. Mimi nilifuta tiki zote kwanza. Sasa ubaoni tunaandika "26/40", na oda haifutwi mpaka risiti ya gari ipatikane. Wiki ya kwanza dada alilalamika kwamba anachelewa kutoka dakika kumi. Ni kweli, nikasogeza muda wake wa kutoka.

Katibu alijibu jioni ile, mistari miwili. Wa kwanza, ameituma kwa mweka hazina. Wa pili, aliuliza kama tuna saizi za watoto.