Utepe Mweupe Kichwani: Kusafisha Kingo za Picha Iliyokatwa

Mzee alipigwa picha mbele ya ukuta wa chokaa, jua la saa tano likiwa limewaka. Picha ikatumwa kwa WhatsApp, ikapita kwenye makundi mawili matatu ya familia, na sasa mzee amefariki. Imeletwa steshenari ili iwekwe kwenye jalada la ratiba ya mazishi, juu ya mandharinyuma ya buluu iliyokoza. Fundi anamkata mzee kutoka ukutani, anambandika juu ya buluu, na binti wa marehemu aliyesimama nyuma yake anauliza, "Kaka, mbona baba ana weupe kichwani?"

Weupe huo ni utepe mwembamba unaofuata nywele na mabega, na pembeni yake kuna vidoadoa vichafu kama vumbi. Jibu la mafundi wengi ni kuongeza ufifishaji: wanarudi kwenye uteuzi, wanafungua `Select > Feather`, pikseli 3 zinakuwa 10, wakitumaini ukingo utayeyuka ndani ya buluu. Utepe haupotei. Unakuwa mpana zaidi, kwa sababu ufifishaji ndio unaouleta.

Tazama kinachotokea kwenye pikseli moja ya ukingoni. Mwangaza wa pikseli hupimwa kuanzia 0, ambayo ni nyeusi kabisa, hadi 255, ambayo ni nyeupe kabisa. Tuseme nywele za mzee zina 40 na ukuta una 220. Pikseli iliyokaa mpakani, nusu nywele na nusu ukuta, kamera imekwisha kuichanganya: ina 130. Fundi anapofifisha uteuzi, pikseli hiyo inahesabiwa kuwa ya mzee kwa nusu tu, kwa hiyo nusu ya ile 130 inachanganywa na nusu ya buluu mpya, ambayo tuseme ina 30. Jumla ni 80. Lakini kama mzee angesimama kweli mbele ya buluu hiyo, pikseli ingekuwa nusu ya 40 na nusu ya 30, yaani 35. Tofauti kati ya 80 na 35 ndiyo weupe ambao binti ameuona. Ukuta wa zamani umesafiri ndani ya pikseli za ukingoni, na kufifisha hakuwezi kuutoa.

Ufifishaji ukiwa mpana, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu uteuzi unatoka nje ya nywele na kugusa ukuta mtupu. Pikseli ya ukuta yenye 220 ikichukuliwa kwa sehemu 20 tu kati ya 100, inaingiza 44 kwenye picha mpya, na buluu inaongeza 24. Mahali palipotakiwa kuwa na 30 pana 68. Ndiyo maana utepe wa pikseli 10 hung'aa mbali na kichwa, kama taa imewashwa nyuma yake.

Vile vidoadoa vina asili nyingine. Faili ya JPEG hubanwa kwa kuigawa picha katika vimraba vya pikseli 8 kwa 8, kisha kutupa ndani ya kila kimraba yale mabadiliko madogo ambayo jicho halitayakosa sana. Kwenye ngozi laini au ukuta mtupu haionekani hasara. Ila kimraba kikikutana na mpaka mkali, nywele nyeusi upande mmoja na chokaa upande wa pili, kile kilichotupwa ndicho kilichokuwa kikiushika mpaka huo, na mahali pake panabaki mawimbi ya vidoa yanayoenea ndani ya kimraba chote. Rangi huumia zaidi kuliko mwangaza. Mara nyingi habari za rangi hupunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu kabla ya kubanwa, hivyo wekundu wa ngozi humwagika pikseli kadhaa nje ya shavu. Picha ikihifadhiwa upya kila inapopita, na hasa ikikatwa kidogo pembeni, vimraba vipya haviangukii juu ya vile vya zamani, na uchafu unarundikana.

Kwa hiyo kuna makosa mawili mahali pamoja, na kabla ya kugusa chochote ni lazima yatenganishwe kwa macho. Kuza picha hadi asilimia 400. Utepe wa ufifishaji ni laini, una upana uleule kila mahali, na unafuata umbo la kichwa. Uchafu wa kubanwa umetawanyika, haufuati umbo, na hukoma ghafla kwenye mstari ulionyooka ambako kimraba kinaishia. Ukiona mstari mweupe nje ya ukingo na mstari mweusi ndani yake, vikiwa sambamba, hiyo ni habari ya tatu: simu au mtu amezidisha kunoa picha.

Mfano huu nautoa kwa GIMP kwa sababu ni ya bure na inaendeshwa hata na kompyuta ya kawaida ya steshenari. Jambo la kwanza ni kuomba faili bora. Simu iliyopiga ile picha huenda bado ipo kwa mjukuu fulani, na akiituma WhatsApp kama dokumenti badala ya picha, itafika kama ilivyo bila kubanwa tena. Hakuna kazi ya brashi inayolingana na hatua hiyo. Ikikosekana, hifadhi kazi kama XCF tangu mwanzo na usirudi JPEG hadi mwisho kabisa.

Uchafu wa kubanwa unasafishwa kabla ya kukata, wakati mzee bado yuko mbele ya ukuta wake. Fundi akikata kwanza, uteuzi unafuata vidoa na ukingo unatoka na meno. Rudufu leya ya picha. Kwenye ile nakala ya juu tumia `Filters > Blur > Selective Gaussian Blur`, nusu kipenyo cha pikseli 4 au 5, na `Max. delta` iwe ndogo. Kichujio hiki hulainisha pikseli zinazokaribiana kwa thamani na kuruka zile zinazotofautiana sana, kwa hiyo ukingo wa nywele unabaki mahali pake. Kisha badilisha hali ya leya hiyo iwe `LCh Color`. Sasa ni rangi peke yake inayolainika, huku mwangaza, ambao ndio unaobeba mikunjo ya uso na ndevu, ukitoka kwenye leya ya chini bila kuguswa. Madoa ya kijani na zambarau usoni yanapungua sana, na mzee habadiliki kuwa sanamu ya nta. Hilo la mwisho ndilo kosa linaloniuma zaidi kwenye ratiba za mazishi: uso uliolainishwa hadi familia haimtambui mtu wao. Ukiridhika, unganisha leya hizo mbili.

Ndipo ukate. Baada ya kumteua mzee, usifute ukuta. Tumia `Layer > Mask > Add Layer Mask` na uchague `Selection`, ili ukuta ufichwe tu na uweze kurekebishwa. Kufifisha kuwe kwa pikseli 1, au kusiwepo kabisa. Kipimo kimo ndani ya picha yenyewe: tazama mpaka wa kola na shati, hesabu ni pikseli ngapi zinatumika kutoka rangi moja kwenda nyingine, na ukingo wako mpya ulingane nao. Chini yake weka kwa muda leya nyeusi tupu, maana nyeusi hufichua weupe ambao buluu ingeuficha hadi kwenye karatasi.

Kwenye mabega, koti na masikio, utepe huondoka kwa kuubana ukingo uingie ndani. Bofya maski, siyo picha, kisha fungua `Colors > Levels` na usogeze alama nyeusi ya kuingiza kutoka 0 hadi karibu 120. Kila pikseli ya maski iliyokuwa chini ya hapo inakuwa imefichwa kabisa, na ukingo unarudi ndani kidogo. Simama mara utepe unapotoweka kwenye bega. Ukiendelea, masikio yataanza kuliwa.

Njia hiyo haifai kwa nywele, kwa kuwa itazinyoa. Hapa kinachohitajika ni kubadilisha rangi ya pikseli na kuuacha ukingo mahali ulipo, ili ile 130 ikaribie 40. Bofya picha yenyewe, chukua zana ya `Clone`, na hali yake iwe `Darken only`. Shikilia Ctrl, bofya nywele pikseli chache ndani ya kichwa, kisha pitisha brashi laini juu ya utepe. Hali hiyo inagusa pikseli zilizo angavu kuliko chanzo tu. Ukuta uliojificha kati ya nywele unageuka rangi ya nywele, na unywele mweusi unaokatiza hapo unabaki salama. Badilisha chanzo kila unaposogea, kwa sababu nywele za mzee si nyeusi mahali pote, na mvi za kwenye panja zikichorwa kwa rangi ya kisogo zitaonekana kama zimepakwa piko. Kwa mtu mwenye kofia nyeupe aliyekatwa kutoka ukuta mweusi, kazi ni ileile ila hali iwe `Lighten only`.

Inatokea pia fundi aletewe picha iliyokwisha kukatwa na mwingine, ikahifadhiwa JPEG pamoja na utepe wake. Maski haipo tena, maana JPEG haitunzi uwazi. Hapo utepe hugawanywa: nusu ya nje unaifunika kwa `Clone` ukichota buluu iliyo jirani, nusu ya ndani ukichota nywele, zote kwa `Darken only`. Itakubalika kwenye chapa ndogo, lakini nywele moja moja hazitarudi.

Mpaka mwingine ambao familia inapaswa kuambiwa mapema ni ukubwa. Uso wenye upana wa pikseli 200, ukichapishwa kwa pikseli 300 kwa inchi, unatosha sentimita 1.7 tu. Binti akitaka uso wa sentimita 10 kwenye bango, kila pikseli itavutwa karibu mara 6, pamoja na kila kidoa kilichosalia. Afadhali picha iwe ndogo katikati ya jalada na maandishi yachukue nafasi.

Kabla ya kuhifadhi, ongeza chembechembe kidogo sana kwenye buluu kwa `Filters > Noise > RGB Noise`, kwa sababu mandharinyuma ya kompyuta ni safi mno kuliko picha ya simu, na tofauti hiyo hurudisha ile sura ya kubandikwa. Faili ya kuchapa itoke moja kwa moja kuwa PDF au PNG. Ile ya kutuma kwa ndugu, ikiwa lazima iwe JPEG, ipewe ubora wa 92 hivi, na kwenye `Subsampling` chagua `4:4:4`, ili rangi isipunguzwe tena kwenye ukingo uleule uliotoka kusafishwa. Nayo itumwe kama dokumenti.