“Popote” na “Mara Moja”

Matangazo mengi ya programu za mafunzo kwa wahitimu huwa na sentensi moja inayojificha karibu na mwisho, baada ya orodha ya sifa na kabla ya anwani: mwombaji ataje maeneo matatu anayopendelea kupangiwa kazi, pamoja na tarehe atakayokuwa tayari kuanza. Mhitimu aliyekesha siku mbili akiunyoosha wasifu wake huifikia sentensi hiyo akiwa hoi. Kwenye eneo anaandika “popote Tanzania”. Kwenye tarehe anaandika “mara moja”. Anatuma, analala.

Mwenyewe anaamini ameonyesha utayari. Lakini ofisa wa rasilimali watu atakayeyapokea maombi hayo anajaza jedwali, na katika jedwali hilo kuna safu ya chaguo la kwanza, la pili na la tatu, kisha safu ya tarehe. “Popote” haimwambii ampange wapi. “Mara moja” haina siku wala mwezi. Mwombaji mwingine mwenye alama zilezile, aliyeandika Mbeya, Dodoma na Mwanza kwa mpangilio huo, amemrahisishia kazi.

Ili kuelewa kwa nini maswali hayo huulizwa, ni vizuri kujua programu hizi zinavyokwenda. Benki, kampuni ya simu au kiwanda huchukua kundi la wahitimu kwa mkupuo. Kwa kawaida wote huripoti siku moja, hupewa mafunzo ya utangulizi pamoja, mara nyingi makao makuu, kisha huzungushwa idara hadi idara na tawi hadi tawi kwa muda ambao mara nyingi ni kati ya mwaka mmoja na miwili. Kwa hiyo maeneo yanayoulizwa ni yale ya kupangiwa kazi baada ya utangulizi. Si mahali pa usaili, na si lazima pawe mahali pa wiki za mwanzo. Mtu anaweza kusailiwa Dar es Salaam, akafundishwa Dar es Salaam, na bado chaguo lake la kwanza likawa Sumbawanga. Tarehe nayo ina uzito kwa sababu kundi huanza pamoja: atakayechelewa wiki mbili atakuwa amekosa utangulizi ambao huenda usirudiwe mpaka mwaka unaofuata.

Tuchukue mfano. Kijana amemaliza shahada ya uhasibu mwaka 2025 katika chuo kimoja cha Morogoro. Tangu Agosti anashika hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi mjini humo, kwa mkataba na mshahara wa kila mwezi. Mwezi Novemba anaona tangazo la benki yenye matawi nchi nzima. Programu inaanza Jumatatu, 2 Februari 2026, na tangazo limetaja kanda tano ambazo wahitimu watapangiwa: Mashariki, Kaskazini, Kati, Ziwa na Nyanda za Juu Kusini.

Jambo la kwanza analopaswa kulifanya ni kuchagua kutoka kwenye orodha iliyotolewa, kwa majina yaliyotumika. Tangazo likisema Kanda ya Kati, aandike Kanda ya Kati na Dodoma kando yake. Akiandika Tanga wakati Tanga haimo kwenye orodha, nafasi moja kati ya tatu imekwenda bure.

Halafu kuna mvuto wa Dar es Salaam. Wengi huiweka ya kwanza kwa mazoea tu, na huko ndiko msongamano unakokuwa mkubwa. Haina maana kwamba mtu aikwepe kwa ujanja. Anayeuguza mzazi Temeke aiandike Dar es Salaam bila woga na aeleze. Ila kijana wetu hana kinachomshika Dar es Salaam. Fildi yake aliifanya Mbeya kwa wiki nane, kwenye ofisi ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na anajua msimu wa mauzo unavyobadilisha mahitaji ya fedha ya mkulima. Hiyo ni sababu ya kikazi, na benki yenye wateja wakulima itaiona. Dodoma anaiweka ya pili kwa kuwa yuko tayari kuhamia na ana ndugu wa kumpokea. Mwanza ni ya tatu, na hana sababu maalumu zaidi ya utayari. Hahitaji kubuni. Sababu moja ya kweli kwenye chaguo la kwanza inatosha.

Tarehe ndiyo yenye mtego. Kijana ana mwajiri, hata kama anauita ule wa dukani “kibarua cha kushikizia”. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inataka mwajiriwa wa mwezi aliyekwisha kupita mwezi wake wa kwanza kazini atoe notisi isiyopungua siku 28 anapotaka kuvunja mkataba. Aliyeajiriwa kwa siku au kwa wiki hutoa siku 4, na aliye ndani ya mwezi wa kwanza hutoa siku 7. Kwa hiyo “mara moja” kwake si kweli, labda mwenye duka akubali kumwachia mapema.

Sasa ahesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya tangazo. Akipeleka notisi Jumatatu, 5 Januari, siku 28 zinamfikisha Jumapili, 1 Februari, na kesho yake yuko huru kuripoti benki. Barua ya ajira ikichelewa kwa wiki moja tu, naye akasubiri kuishika mkononi kabla ya kutoa notisi, atakuwa huru 9 Februari. Hiyo ndiyo hesabu anayopaswa kuiweka wazi kwenye barua pepe, kwa sababu ofisa naye ana uwezo wa kuharakisha barua akijua kuna anayeisubiri.

Barua pepe yenyewe, basi, inaweza kusomeka hivi. Wengi huiandika kwa Kiingereza kwa kuwa tangazo limetoka kwa Kiingereza, lakini mpangilio ni uleule:

“YAH: Maombi ya Programu ya Mafunzo kwa Wahitimu 2026, Fedha na Uhasibu.

Ndugu Meneja Rasilimali Watu,

Ninaomba nafasi katika programu iliyotajwa hapo juu. Nimehitimu shahada ya uhasibu mwaka 2025 na tangu Agosti ninatunza vitabu vya hesabu vya duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro, ninakoishi.

Maeneo ninayopendelea, kwa mpangilio: (1) Nyanda za Juu Kusini, Mbeya, (2) Kanda ya Kati, Dodoma, (3) Kanda ya Ziwa, Mwanza. Nimeiweka Mbeya kwanza kwa sababu mafunzo yangu ya vitendo niliyafanyia huko, katika ushirika wa wakulima wa kahawa. Nikipangiwa kanda nyingine, niko tayari kwenda.

Ninaweza kuanza Jumatatu, 2 Februari 2026. Ninatakiwa kumpa mwajiri wangu wa sasa notisi ya siku 28, hivyo nitashukuru kupata majibu kabla ya 5 Januari 2026.

Nimeambatisha wasifu, transkripti na nakala ya cheti katika faili moja.”

Mwisho ni jina kamili kama lilivyo kwenye vyeti, na namba ya simu.

Utayari wa kwenda popote haukutupwa. Umehamia baada ya machaguo matatu, pale unapomsaidia ofisa badala ya kumwachia kazi. Na tarehe imeandikwa kwa jina la mwezi. Ikiandikwa 02/03/2026, Mtanzania atasoma tarehe 2 Machi, ila mfumo uliopangwa kwa desturi ya Marekani utaisoma 3 Februari. Jina la siku nalo ni kinga, kwa sababu siku na tarehe zisipooana kosa linaonekana hapohapo. Vilevile aitazame kalenda kabla ya kujichagulia Jumatatu. Aliyeahidi kuripoti Jumatatu, 12 Januari 2026, ameahidi kuripoti Siku ya Mapinduzi, ofisi zikiwa zimefungwa.

Kuna kishawishi kingine kinachoumiza zaidi ya kukosea tarehe. Waombaji husikia kwamba benki hupenda “wenyeji” wa eneo, basi kijana wa Morogoro anaandika anwani ya mjomba wake wa Mbeya ili aonekane wa huko. Sheria ileile ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi, na miongoni mwa yanayotakiwa ni mahali alipoajiriwa, mahali pa kazi na tarehe ya kuanza. Mahali alipoajiriwa na mahali pa kazi ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo ina thamani ya fedha. Mkataba ukikomea mahali ambapo siko mtu alikoajiriwa, mwajiri anawajibika kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi huko alikoajiriwa, au kumlipia safari hiyo.

Ofisa anayejaza maelezo hayo huanzia kwenye karatasi alizonazo, na anwani ya maombi ni mojawapo. Ikisema Mbeya, ni rahisi mahali pa kuajiriwa pakaandikwa Mbeya na mahali pa kazi Mbeya. Miaka miwili baadaye, programu ikiisha bila ajira ya kudumu, kijana mwenye kitanda, jiko la gesi na pikipiki atajigharamia kurudi Morogoro, na karatasi inayompinga aliiandika mwenyewe. Anayeweka Unguja au Pemba kwenye orodha yake ajue kwamba Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya mwaka 2005, kwa hiyo hesabu za notisi na safari asizichukue za Bara akadhani ndizo.

Kutuma hakuhitaji maneno mengi. Faili iitwe kwa jina la mwombaji na programu, si “skani 004”. Gmail huruhusu kutuma viambatisho vya hadi MB 25, lakini seva za kampuni nyingi huweka kikomo cha chini zaidi, na picha za vyeti zilizopigwa kwa simu hujaa upesi. Faili isiyozidi MB 2 au 3 hupita bila shida. Aitume kwanza kwake mwenyewe, aifungue kwenye simu, aone kama kiambatisho kimo na kama mistari ya maeneo haijavurugika.

Kisha aihifadhi barua pepe aliyoituma. Tuseme mwanzoni mwa Januari anapokea barua ya ajira: kituo cha kazi Mbeya, kuanza 2 Februari, mahali pa kuajiriwa Mbeya. Mawili ya kwanza ndiyo aliyoyaomba. Kwa la tatu, anajibu kabla ya kusaini, katika mtiririko uleule wa barua pepe: “Ninashukuru kwa nafasi hii. Naomba kipengele cha mahali pa kuajiriwa kisomeke Morogoro, ninakoishi, kama nilivyoeleza katika maombi yangu hapo chini.” Na siku hiyohiyo anampelekea mwenye duka notisi yake.