Rufaa ya alama za mradi: Nukuu maneno ya mtahini, usimshtaki

Rasimu ya barua niliyoonyeshwa majuzi na mwanafunzi wa mwaka wa nne, mzaliwa wa Ronge kule Taita Taveta, ilianza hivi: “Nimeonewa sana katika mradi wangu ilhali nilitia bidii usiku na mchana.” Kisarufi, sentensi hiyo haina dosari. Kama hoja ya rufaa, haina uzito. Hakuna mwongozo wa kutuza unaotoa alama kwa kukesha. Isitoshe, kitenzi ‘kuonewa’ kinamshtaki mtu, na kamati itaanza kumtetea mwenzao kabla haijafungua kurasa za mradi.

Mradi wenyewe ulihusu msamiati wa kilimo katika Kidawida na visawe vyake vya Kiswahili. Ulitahiniwa kwa alama 40: mbinu 10, data 15, uchanganuzi 10 na marejeleo 5. Kijana alipata 8, 5, 4 na sufuri, yaani 17. Pembeni mwa kurasa mtahini alikuwa ameandika maoni matatu: “Data toshelevu, imepangwa vyema”, “Uchanganuzi haujazama”, na “Hakuna marejeleo.”

Hapo ndipo rufaa ilipo. Lakini tazama alivyoyatumia maoni hayo: “Mtahini alikiri kuwa data yangu ni nzuri sana.” Mtahini hakukiri chochote, maana anayekiri ni mwenye kosa. Wala hakuandika ‘nzuri sana’. Somo la usemi halisi na usemi wa taarifa, ambalo wengi hudhani liliishia shule ya msingi, lina kazi hapa. Usemi wa taarifa humpa mwandishi nafasi ya kutia chumvi, hata bila kukusudia. Katika rufaa, maoni ya mtahini na maneno ya mwongozo yaandikwe neno kwa neno, ndani ya alama za usemi, pamoja na nambari ya ukurasa. Aya ya data tuliiandika upya hivi:

“Katika kipengele cha 2, mwongozo unasema: ‘Wahojiwa wanane au zaidi: alama 12–15.’ Mradi wangu una wahojiwa tisa (uk. 14). Maoni yaliyoandikwa kwenye ukurasa huo ni: ‘Data toshelevu, imepangwa vyema.’ Hata hivyo, alama zilizotuzwa ni 5. Naomba kipengele hiki kitathminiwe upya.”

Huenda ile 5 ilikuwa 15 iliyopoteza tarakimu ilipohamishiwa kwenye fomu. Huenda sivyo. Si kazi ya mwanafunzi kukisia, pengo limeshaonekana. Tazama pia kauli ya kutendwa: ‘zilizotuzwa’, wala si ‘ulizoninyima’. Kauli hiyo humwondoa mtu kwenye sentensi na kuiacha alama peke yake mezani.

Kuhusu marejeleo, jambo ni jepesi zaidi: yalikuwa uk. 31 na 32, baada ya kiambatisho cha maswali ya mahojiano. Mtahini aliyefika kwenye kiambatisho pengine alidhani kazi imekwisha. Sentensi moja inayotaja kurasa hizo inatosha.

Na uchanganuzi je? Nilimshauri auache. “Haujazama” ni hukumu ya kitaaluma, na alama 4 kati ya 10 zinalingana nayo. Mwandishi akipinga kila kitu, hoja zake mbili zenye ushahidi humezwa na ile ya tatu isiyo nao. Hakulipenda shauri hili, lakini alilikubali.

Katika mada, andika MINT: (wenzetu wa Tanzania huandika YAH:) kisha jambo lenyewe: OMBI LA KUTATHMINIWA UPYA KWA ALAMA ZA MRADI, VIPENGELE VYA 2 NA 4. Usiombe jumla fulani. Data ikipata 12 tu, 17 inakuwa 24, yaani asilimia 60; lakini hesabu hiyo ibaki kwenye daftari lako. Kamati ndiyo hutuza.

Wengine hupenda kuanza na Katiba. Ni kweli, Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki, na sababu kwa maandishi iwapo uamuzi huo unaathiri haki zake. Ila barua ya kwanza kwa mkuu wa idara haihitaji silaha hiyo. Kanuni za mitihani za chuo chako ndizo za kutajwa kwanza, kwa kuwa ndizo zinazoweka muda wa mwisho wa kukata rufaa. Muda huo ukipita, barua inaweza kukataliwa bila kusomwa, hata iwe imeandikwa kwa ufasaha namna gani.

Ambatisha nakala ya mwongozo uliotolewa muhula huohuo, si wa mwaka jana, pamoja na kurasa zenye maoni. Kisha taja viambatisho hivyo chini ya sahihi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.