Abiria Wanahama, Soko Linatulia

Katika Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, mpiga debe hodari humnasa abiria kabla hajalifikia dirisha la tiketi. Lakini abiria aliyenaswa leo haonyeshi nani atalishika soko la njia hiyo mwakani. Kinachoonyesha ni namba mbili. Ya kwanza: katika kila abiria mia waliosafiri na kampuni, ni wangapi watapanda basi la mshindani safari ijayo? Ya pili: katika kila abiria mia wa mshindani, ni wangapi watahamia huku? Ukizijua hizo, hesabu ya mistari michache inakuonyesha soko litakapotulia.

Hesabu hiyo huitwa mnyororo wa Markov. Tuifuate kwa mfano wa njia ya Dar es Salaam hadi Dodoma, tukichukulia kuwa ina kampuni mbili tu, ya mabasi mekundu na ya mabasi ya buluu. Namba zote ni za mfano, zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Kuna abiria 1,000 wanaosafiri mara moja kila mwezi: watumishi, wafanyabiashara, wanafunzi wa vyuo. Kati ya kila mia waliopanda jekundu mwezi huu, 80 watalipanda tena mwezi ujao na 20 watahamia buluu. Kati ya kila mia wa buluu, 70 watabaki na 30 watahamia jekundu.

Tuseme jekundu ni kampuni changa yenye abiria 300, na buluu ni kongwe yenye 700. Mwezi wa pili jekundu linabakiza 240 kati ya 300 wake, yaani asilimia 80. Kutoka buluu linapokea asilimia 30 ya 700, yaani 210. Jumla ni 450. Mwezi wa tatu linabakiza 360 na kupokea 165, jumla 525. Mwezi wa nne linafika kama 562, na wa tano 581.

Namba zinapanda, lakini kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia. Zinaikaribia 600. Mwanzoni jekundu lilikuwa nyuma ya 600 kwa abiria 300, kisha 150, kisha 75, kisha kama 38. Kila mwezi pengo linakatwa nusu.

Sasa geuza mwanzo. Lipe jekundu abiria 900 na buluu 100, viwango vya kuhama vibaki vilevile. Mwezi wa pili jekundu lina 750, wa tatu 675, wa nne kama 637. Safari hii linashuka, lakini linaelekea palepale kwenye 600. Kwa hiyo aliyeanza na wengi na aliyeanza na wachache wanaishia mahali pamoja. Mwanzo unaamua njia itakayopitwa, hauamui mwisho wake.

Kwa nini 600?

Sababu yake inaonekana ukitazama wanaoingia na wanaotoka. Jekundu likiwa na abiria 600, asilimia 20 yao wanahama, yaani watu 120. Buluu nalo lina 400, na asilimia 30 yao wanahama, yaani 120 vilevile. Wanaotoka ni sawa na wanaoingia, hivyo hakuna upande unaokua wala unaopungua. Hiyo ndiyo hali tulivu ya soko.

Kutulia huku kusidhaniwe kuwa abiria wamekaa. Kila mwezi watu 240 wanabadili basi. Meneja anayetazama jumla peke yake ataona 600 mwezi baada ya mwezi na kuamini kuwa wateja wake ni walewale, kumbe mmoja kati ya watano amemkimbia na nafasi yake imezibwa na mgeni.

Kanuni ya kampuni mbili ni fupi. Chukua kiwango cha wanaohamia kwako, ukigawanye kwa jumla ya wanaohamia kwako na wanaokuhama:

sehemu ya jekundu = 30 / (30 + 20) = 0.6

Kasi ya kufika huko hutokana na jumla hiyohiyo. Toa 20 na 30 kutoka 100, inabaki 50. Ndiyo maana pengo lilibaki na asilimia 50 yake kila mwezi. Kama wanaohama wangekuwa 2 na 3 tu kwa kila mia, mwisho ungekuwa uleule wa 60 kwa 40, ila kila mwezi pengo lingebaki na asilimia 95 yake, na kulipunguza hadi nusu kungechukua zaidi ya mwaka. Basi katika soko ambalo wateja hawahami sana, mgawanyo unaouona leo unaweza kuwa mbali kabisa na ule unaokuja.

Irabu na konsonanti

Aliyeiasisi hesabu hii, Andrei Markov wa Urusi, hakuwa akifikiria abiria. Alianza kuiandikia mwaka 1906, katika ubishi na mwanahisabati mwenzake Pavel Nekrasov. Nekrasov alishikilia kuwa matukio hutulia kwenye wastani pale tu yasipotegemeana. Markov alionyesha kuwa hata yanayotegemeana, kila moja likiegemea lililolitangulia, yanaweza kutulia.

Mwaka 1913 aliitolea hoja hiyo mfano kutoka kwenye fasihi. Alichukua herufi 20,000 za mwanzo za utenzi wa Pushkin, Yevgeni Onegin, akahesabu irabu 8,638 na konsonanti 11,362. Kisha akahesabu herufi ipi hufuata ipi. Baada ya irabu, herufi inayofuata ilikuwa irabu tena kwa asilimia 12.8 tu, na konsonanti kwa asilimia 87.2. Baada ya konsonanti, irabu ilifuata kwa asilimia 66.3. Zitie kwenye kanuni yetu: 66.3 kwa jumla ya 66.3 na 87.2 ni asilimia 43.2, na ndiyo sehemu ya irabu katika herufi zile 20,000. Ni mnyororo wa pande mbili, kama wa mabasi yetu.

Punguzo la nauli au huduma?

Turudi barabarani. Soko limetulia 600 kwa 400, na buluu linatangaza nusu nauli kwa mwezi mmoja. Linavuta abiria 200 na kufika 600. Mwezi unaofuata nauli inarudi ilipokuwa, na tabia za abiria nazo. Ile ziada ya 200 inakuwa 100, kisha 50, kisha 25. Baada ya miezi michache imeyeyuka, kwa sababu punguzo liliongeza watu bila kubadili viwango vya kuhama.

Kinachodumu ni kile kinachobadili viwango vyenyewe: basi kuondoka kwa wakati, siti isiyouzwa mara mbili, mzigo unaofika salama. Jekundu likipunguza wanaolihama kutoka 20 hadi 15 kwa mia, sehemu yake inakuwa 30 kwa 45, karibu asilimia 67. Kama badala yake lingeongeza wanaotoka buluu kutoka 30 hadi 35, lingepata 35 kwa 55, karibu asilimia 64. Juhudi zote mbili ni za pointi tano, lakini kuwatunza waliopo kumeleta zaidi.

Kwa buluu, ambalo ni dogo, mambo yanageuka. Likipunguza wanaolihama kutoka 30 hadi 25, linafika asilimia 44.4. Likiongeza wanaotoka jekundu kutoka 20 hadi 25, linafika 45.5. Tofauti ni ndogo, lakini inaelekea upande wa pili. Mwenye soko kubwa hufaidika zaidi akiziba anakovuja, na mwenye soko dogo hufaidika zaidi akivuta, kwa sababu kila mmoja hupata zaidi panapohusika kundi kubwa la abiria.

Hesabu inapodanganya

Kosa la kwanza huanzia kwenye kukusanya takwimu. Mtafiti husimama kwenye basi jekundu na kuuliza kila abiria, "Mwezi uliopita ulipanda lipi?" Katika mfano wetu wa kwanza, mwezi wa pili jekundu lilikuwa na abiria 450, na 240 kati yao ndio waliolipanda mwezi uliotangulia. Atapata asilimia 53 na kuandika kuwa huo ndio uaminifu wa wateja, wakati uaminifu halisi ni asilimia 80. Ameuliza kinyumenyume. Inatakiwa kuanza na waliopanda mwezi uliopita, kisha kufuatilia walikokwenda. Tiketi mtandao zinazohifadhi jina na namba ya simu ya abiria hurahisisha kazi hiyo.

Kosa la pili limo ndani ya hesabu yenyewe. Mnyororo wa Markov unachukulia kuwa uamuzi wa abiria unategemea basi alilopanda mara ya mwisho tu. Ukweli ni kwamba wapo waliopanda jekundu miaka kumi na hawabanduki, na wapo wanaotangatanga kila safari. Dhana hiyo inaweza kupimwa. Kwa viwango vyetu, abiria 600 wa jekundu wa Januari wanapaswa kuwemo 420 kwenye jekundu mwezi Machi: 384 waliobaki mara zote mbili, na 36 waliokwenda buluu wakarudi. Ukihesabu ukakuta 450, ujue kuna kundi sugu lisilohama, na inafaa ulitenge kabla ya kupiga hesabu ya wengine.

Kosa la tatu ni kudhani viwango havibadiliki. Sikukuu za mwisho wa mwaka na kufunguliwa kwa shule huvivuruga kwa muda. Mshindani mpya huvivunja kabisa. Julai 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma, na mnyororo wa pande mbili ukawa wa pande tatu. Tuseme kila mwezi abiria mmoja kati ya kumi wa mabasi anahamia treni, na mmoja kati ya ishirini wa treni anarudi kwenye basi. Kwa kanuni ileile, treni itatulia kwenye 10 kwa 15, yaani theluthi mbili ya abiria wote. Ikiwa mabasi yatapoteza na kurudishiwa abiria kwa uwiano wao wa zamani, jekundu litaendelea kuwa na 60 na buluu 40 katika kila mia wanaopanda basi. Ila sasa wanagawana theluthi moja iliyosalia: abiria 200 kwa 133.

Kwa hiyo mwenye mabasi anayepanga bajeti ya mwakani asianze na mabango ya punguzo. Aanze na orodha za tiketi za miezi miwili inayofuatana, ahesabu waliomhama na waliomjia. Kama wanaohama hawapungui, fedha ya punguzo itamnunulia abiria wa mwezi mmoja tu.