Taja Jina Lako Unapomsalimia



Jua la Mombo halichelewi kuwa kali, kwa hiyo katika wiki hii ya watu wenye ulemavu nitazungumzia tu urafiki na mwenzenu mwenye ualbino. Nimewasikia baadhi yenu mkisema, "Yule ana maringo, nikimpungia mkono haitikii." Wanangu, hajakudharau. Hajakuona.

Ualbino mtoto huurithi kwa baba na mama, hata kama wao wenyewe hawana. Hauambukizi, mle sahani moja, mlale kitanda kimoja. Mwili wake hutengeneza rangi kidogo mno, na rangi hiyo huhitajika pia wakati jicho linajengeka tumboni mwa mama. Isipotosha, sehemu ya nyuma ya jicho inayotuwezesha kuona vitu vidogo haikamiliki. Miwani humsaidia, ila haimalizi tatizo. Wapo ambao herufi unayoisoma wewe ukiwa mita 60, wao huisoma wakiwa mita 6.

Tuchukue mtoto, tumwite Zuhura. Anaingia getini, wewe uko kwenye mlingoti wa bendera. Anachoona ni mtu mwenye shati jeupe, na hapa wote mmevaa mashati meupe. Basi msogelee useme, "Zuhura, ni mimi Hamisi." Ukiondoka, mwambie unaondoka, asibaki akiongea peke yake.

Darasani utaona macho yake yanachezacheza na kichwa amekiinamisha upande. Msimcheke, wala msimwambie akae vizuri: ameshapata mkao ambao macho yake hutulia kidogo. Hata akikaa dawati la mbele, ubao unaweza kumshinda. Anayekaa naye asome kwa sauti ya chini anaponakili. Kwenye hisabati usiseme "hii toa ile." Sema "arobaini na mbili toa kumi na saba," maana "hii" yako yeye haioni.

Wakati wa mapumziko, hamishieni rede kivulini. Ngozi yake huungua haraka, na kuungua huko kukirudiarudia miaka mingi huweza kuleta saratani. Mafuta ya kawaida hayazuii jua. Yapo ya kukinga jua, kama Kilisun inayotengenezwa KCMC kule Moshi. Hupakwa kama nusu saa kabla ya kutoka nje, kisha kila baada ya saa mbili; aliyopaka asubuhi nyumbani, saa nne yameshaisha nguvu. Rafiki humkumbusha. Na kofia yake pana msimnyang'anye kwa utani, hata mara moja.

Mwalimu Mkuu, kwako nina ombi. Kuanzia paredi ya kesho, wenye ualbino wasimame pale chini ya mwembe, na kila mmoja awe na rafiki aliyemchagua mwenyewe.