Upepo, Kilima na Mzigo: Namna ya Kukadiria Muda wa Safari ya Baiskeli

Mpanda baiskeli aishiye Mbagala, wilayani Temeke, na afanyaye kazi Kariakoo, huijua safari yake kwa dakika. Asubuhi, hewa ikiwa tulivu, hukanyaga pedali kwa muda wa dakika 40 hivi katika njia ya yapata kilomita 12. Jioni njia ni ile ile na miguu ni ile ile, lakini kuna siku ambapo safari hiyo humchukua zaidi ya saa nzima. Tofauti hiyo si jambo dogo. Katika mwezi wa Juni jua huchwa Dar es Salaam karibu saa 12 na robo, na katika nchi zilizo karibu na Ikweta giza huingia upesi. Aondokaye Kariakoo saa 11 jioni, akitumaini kufika kabla ya saa 12, huweza kujikuta gizani miongoni mwa malori ya Barabara ya Kilwa.

Mambo matatu huurefusha muda huo: upepo wa mbele, kilima na mzigo. Watu wengi huyahesabu kana kwamba yote ni uzito wa aina moja. Sivyo. Kila moja hula dakika kwa njia yake, na ajuaye njia hizo aweza kuikadiria safari kabla hajafunga mzigo kwenye keria.

Kipimo cha msingi

Tuanze na siku isiyo na upepo, katika barabara ya lami iliyo sawa. Tuchukue mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kawaida isiyo na gia, yenye uzito wa kilo 20. Akiwa ameketi wima, kama ilivyo desturi ya baiskeli hizo, na akienda kilomita 18 kwa saa, yaani mita 5 kwa sekunde, hupambana na vipingamizi viwili. Cha kwanza ni matairi yanayobonyea na kusugua lami; hicho humrudisha nyuma kwa kani ya nyutoni 7 hivi. Cha pili ni hewa anayoipasua. Hicho ni nyutoni 9. (Nyutoni 10 ni karibu sawa na uzito wa kitu cha kilo moja.) Jumla ni nyutoni 16, na kuzishinda kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde kwahitaji wati 80. Hiyo ndiyo kazi ambayo mtu mwenye afya aweza kuifanya kila siku pasipo kuchoka kupita kiasi. Katika hesabu zote zifuatazo tutamwachia wati hizo hizo 80, kwa kuwa upepo ukivuma miguu haiongezeki nguvu.

Kila msomaji aweza kujipatia kipimo chake mwenyewe: apime muda wa safari yake alfajiri tulivu, bila mzigo, kisha aondoe dakika alizosimama kwenye makutano ya barabara. Dakika za kusimama hazirefushwi na upepo wala kilima. Zitaongezwa mwishoni kama zilivyo.

Upepo

Kipingamizi cha matairi hakibadiliki sana kwa mwendo, bali kipingamizi cha hewa hukua kwa mraba: kasi ya hewa inayompiga mpandaji ikiongezeka mara mbili, kipingamizi huwa mara nne. Hapa kinachohesabiwa ni mwendo wa baiskeli pamoja na mwendo wa upepo unaoikabili. Upepo wa mbele wa mita 3 kwa sekunde, yaani kilomita 11 kwa saa, humfanya mtu aendaye mita 5 kwa sekunde apigwe na hewa ya mita 8. Nyutoni 9 huwa 23, na ili aendelee na mwendo wake wa awali atahitaji wati 150. Hana. Basi mwendo wake hushuka hadi karibu kilomita 13 kwa saa, na kilomita 12 humchukua dakika 56 badala ya 40.

Upepo huo huo ukimsukuma kutoka nyuma, atakwenda kilomita 24 kwa saa na kufika kwa dakika 30. Tazama tofauti: upepo wa nyuma umempa dakika 10, wa mbele umemnyang'anya 16. Hasara haifidiwi, kwa sababu mpandaji hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaomzuia kuliko ndani ya ule unaomsaidia. Kwa makadirio ya haraka, punguza nusu ya mwendo wa upepo wa mbele kutoka katika mwendo wako wa kawaida, au ongeza nusu hiyo ikiwa upepo watoka nyuma. Kanuni hii yatosha kwa pepo za kawaida. Kwa tufani haifai.

Mwelekeo wa pepo za Dar es Salaam wajulikana tangu zama za majahazi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki tangu Aprili au Mei hadi Septemba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi. Juu ya hayo, kila siku ya jua nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, na alasiri upepo wa baharini huingia ukauongezea nguvu upepo wa majira. Ndiyo sababu asubuhi huwa shwari na jioni huwa na upepo. Kwa hiyo mtu wa Mbagala, arudiye nyumbani akielekea kusini, hukabiliwa na kusi wakati wa jioni, yaani wakati amechoka. Mwenzake wa Tegeta, wilayani Kinondoni, arudiye kwa Barabara ya Bagamoyo akielekea kaskazini, husaidiwa kwa kiasi na kusi hiyo hiyo, lakini huja kuilipa wakati wa kaskazi.

Upepo uliotangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa hupimwa kwa kawaida katika kimo cha mita 10, mahali pa wazi. Kwenye kimo cha mpanda baiskeli, kati ya nyumba na miti, hubaki nusu yake au theluthi mbili. Tena, upepo wa kusini-mashariki haumpigi usoni kabisa aendaye kusini; sehemu inayomkabili ni kama saba ya kumi. Asiye na kipimo atazame miti: majani yakitikisika tu na upepo ukisikika usoni, huo ni mdogo, vijiti vidogo vikitikisika mfululizo na bendera nyepesi ikinyooka, ni wakati wa kuondoka mapema, vumbi na karatasi zikipeperuka, hesabu yake ni kubwa kuliko ya mfano wetu.

Mzigo na kilima

Sasa tumfungie mtu wetu gunia la kilo 50 kwenye keria. Uzito wote wafika kilo 135, na kipingamizi cha matairi chapanda kutoka nyutoni 7 hadi 11. Hewa haijui uzito wa gunia, maadamu halikutanuka pembeni. Hivyo katika njia sawa isiyo na upepo mwendo wake hushuka hadi kilomita 16 kwa saa, na kilomita 12 humchukua dakika 45. Gunia zima limemgharimu dakika 5 tu!

Hapo ndipo watu hudanganyika. Mzigo uliokuwa mpole katika tambarare hudai malipo yake yote kwenye mwinuko, maana pale kila kilo huinuliwa. Tuchukue mwinuko wa mita 30 katika kilomita moja. Bila mzigo, wati zetu 80 hupandisha kwa kilomita 8 na nusu kwa saa, na kilomita hiyo huchukua dakika 7 badala ya 3 na ushei. Kwa gunia la kilo 50 mwendo hushuka hadi chini ya kilomita 6 kwa saa, na muda huwa karibu dakika 11. Kwa kifupi, kila mita 10 za kupanda huongeza dakika moja na robo kwa asiye na mzigo, na dakika mbili na nusu kwa mwenye kilo 50. Kuteremka hakurudishi dakika hizo: bila mzigo, mteremko huo huo huokoa kama dakika moja tu, na mwenye mzigo hulazimika kushika breki.

Tena kuna mpaka ambao wati hazielezi. Katika baiskeli isiyo na gia, kani inayohitajika kwenye pedali ni kama mara tano ya ile inayosukuma gurudumu. Kwenye mwinuko wetu mwenye gunia atahitaji wastani wa kilo 25 kwenye pedali wakati wote. Na kwa kuwa mguu hausukumi sawasawa katika mzunguko mzima, kilele chake hukaribia mara mbili ya hiyo. Mwendo nao umekuwa mdogo mno hata gurudumu la mbele layumba. Dalili ni hiyo: usukani ukianza kwenda huku na huku, shuka ukasukume. Kusukuma ni kilomita 4 hivi kwa saa, na kilomita ya kilima huwa dakika 15.

Hesabu ya jioni moja

Hebu tuyaunganishe yote. Ni jioni ya Juni, kusi ni kali, na sehemu inayomkabili mpandaji ni mita 3 kwa sekunde. Ana gunia la kilo 50. Tuseme njia yake ni kilomita 11 za tambarare na kilomita moja ya mwinuko uliotajwa, baada ya kuvuka bonde la Mto Kizinga.

Katika tambarare, upepo na mzigo kwa pamoja humshusha hadi kilomita 11 na nusu kwa saa: dakika 57. Kilimani asukuma: dakika 15. Jumla ni 72. Akiongeza dakika 8 za kusimama njiani, zimekuwa 80. Ameondoka saa 11. Atafika saa 12 na dakika 20, jua limekwisha kuchwa. Lau angejumlisha hasara moja moja, yaani 16 za upepo, 5 za mzigo na 4 za kilima, angepata 65 tu, na pamoja na vituo angetazamia kufika saa 12 na dakika 13. Dakika 7 zilizopotea katika hesabu hiyo zimezaliwa na mzigo na kilima vilipokutana.

Akibeba kilo 25 badala ya 50, ataweza kupanda kilima bila kushuka, ijapokuwa kwa taabu, na safari itakuwa dakika 65 bila vituo. Nusu ya gunia imemwokolea dakika 7, nyingi zake kilimani. Aondokapo saa 11 na mzigo mzima hana budi kuwa na taa. Asiye nayo aondoke saa 10 na nusu.

Dakika zisizoelezeka

Mara nyingine muda huongezeka pasipo upepo wala mzigo. Basi rudia kipimo cha alfajiri. Dakika 40 zikibaki 40, lawama ni ya hewa na njia. Zikiwa 45, tatizo limo katika baiskeli yenyewe: matairi yaliyopungua upepo, breki inayogusa gurudumu, au mnyororo mkavu. Inua gurudumu la mbele ulizungushe kwa mkono. Likisimama upesi, breki au beringi zalikamata. Kisha bonyeza tairi kwa kidole gumba. Likibonyea kwa urahisi, lijaze kabla hujaulaumu upepo wa kusi.