Kisanduku Kimoja, Herufi Nne

Kila anayejaza mafumbo ya maneno anafuata kanuni moja ambayo hakuna aliyemwandikia popote: kisanduku kimoja, herufi moja. Tumeizoea kiasi kwamba jibu likigoma kuenea tunalitilia shaka jibu lenyewe, hatukitilii shaka kisanduku. Wako watunzi wanaoutegemea mazoea huo. Wanachukua kisanduku kimoja katikati ya gridi na kukishindilia herufi mbili, tatu au neno zima, na hawasemi kitu. Mtindo huo unaitwa rebusi, na makao yake hasa ni magazeti ya Marekani.

Anayetaka kuuona mara kwa mara atafute fumbo la New York Times la siku ya Alhamisi. Gazeti hilo lilianza kuchapisha mafumbo ya maneno Februari 1942, na tangu 1993 mhariri wake wa mafumbo amekuwa Will Shortz. Fumbo la Jumatatu ndilo jepesi kuliko yote, kisha ugumu unapanda siku hadi siku mpaka Jumamosi. Alhamisi ina sifa yake ya pekee: ndiyo siku ya hila. Vidokezo vyenyewe huenda visiwe vigumu sana, ila kuna kanuni fulani imevunjwa mahali fulani, na kazi yako ni kugundua ipi na wapi. Rebusi ni mojawapo ya hila hizo. Huonekana pia kwenye fumbo kubwa la Jumapili, lakini Jumatatu usihangaike kuitafuta.

Ni vizuri kujua kwa nini ujanja huu ulishamiri Marekani. Magazeti ya Uingereza huandika idadi ya herufi mwishoni mwa kila kidokezo. Ukiambiwa jibu lina herufi saba na mbele yako kuna visanduku vinne, siri imeshatoka kabla hujashika kalamu. Wamarekani hawaandiki idadi hiyo. Unahesabu visanduku mwenyewe na kuamini kwamba ndiyo idadi ya herufi, na hapo ndipo mtunzi anapojificha.

Maelezo matupu hayatoshi. Nimetunga kona ndogo ya gridi kwa Kiswahili ili tuifanye pamoja. Ina safu tatu kamili na vipande viwili vinavyoning'inia chini. Vidokezo vya mlalo ni hivi: 1, mwalimu anasoma, wanafunzi wanaandika, 5, itikio la heshima unapoitwa, 6, kazi ya kupata jawabu la tatizo. Vya wima: 1, nyanyua, 2, gari la abiria la Nairobi, 3, fanya alale, 4, ndugu wa kiume wa baba.

Nyingi ya hizo hazina tabu. Wima 1 ni INUA, wima 3 ni LAZA, wima 4 ni AMI. Mlalo wa kwanza unakubali IMLA, wa pili NAAM. Ukishaandika hayo yote, kona inaonekana hivi, alama ya kuuliza ikiwa ndicho kisanduku pekee kilichobaki:

```
I M L A
N A A M
U ? Z I
A ■ A ■
```

Sasa soma safu ya tatu. U, pengo, Z, I. Weka herufi yoyote unayotaka hapo katikati, kuanzia A hadi Z, hutapata neno la kujibu kidokezo. Shuka na safu ya wima ya pili: M, A, pengo. Gari la abiria la Nairobi lenye herufi tatu, linaloanza na MA. Halipo. Ila kila mtu anajua jibu ni matatu, na neno hilo lina herufi sita.

Hapa ndipo wengi wanapokosea njia. Wanaanza kufuta. Wanajiuliza kama IMLA ni sawa, kama AMI haikupaswa kuwa neno lingine. Kabla ya kufuta chochote, angalia ushahidi umekaaje. IMLA na NAAM zimethibitishwa na INUA, LAZA na AMI. Kila neno limeegemea mengine na hakuna linalolegalega. Ugomvi wote umejikusanya kwenye kisanduku kimoja. Kosa la kawaida haliishi hivyo. Ukikosea neno, uharibifu husambaa: vidokezo vitatu au vinne vya jirani vinakataa kwa pamoja, kila kimoja mahali pake. Ukiona jirani zote ziko sawa na shimo moja tu halizibiki, tena halizibiki kwa mlalo wala kwa wima, anza kufikiri kwamba shimo lenyewe ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Baada ya hapo, hesabu. MATATU ina herufi sita, visanduku ni vitatu, kwa hiyo herufi tatu zimezidi. Kama zote zimeingia kwenye kisanduku kimoja, kisanduku hicho kina herufi nne: hizo tatu za ziada pamoja na ile moja iliyokuwa haki yake. M na A zimeshakaa, zinabaki T, A, T, U. Kisanduku kinashika TATU. Usikubali mpaka uijaribu upande wa pili. U, TATU, Z, I: UTATUZI. Herufi saba kwenye visanduku vinne, zimezidi tatu vilevile. Rebusi ya kawaida husomeka namna moja kwa mlalo na kwa wima, kwa hiyo ziada ya neno la mlalo lazima ilingane na ziada ya neno la wima. Zisipolingana, jibu moja kati ya hayo mawili si lenyewe.

Mtihani huo ni mkali kuliko unavyodhani. Tuseme umeanza na mlalo 6, na kilichokujia ni UFUMBUZI. Linaanza na U, linaishia na ZI, maana inakubali kabisa. Lina herufi nane, ziada ni nne, kwa hiyo kisanduku kingelazimika kubeba FUMBU. Wima ungesomeka MAFUMBU, na hakuna gari la jina hilo Nairobi wala kwingineko. Neno zuri, maana sahihi, lakini ziada ya nne haikubaliani na ziada ya tatu. Unaliacha.

Kuna ziada nyingine ambayo si rebusi hata kidogo, nayo huwasumbua sana wanaojaza mafumbo ya Kiswahili. Kidokezo kinasema "nyanyua", wewe unaandika KUINUA, halafu unalalamika kwamba herufi mbili zimezidi. Herufi hizo ni KU yako mwenyewe. Kidokezo kilikuwa katika amri, na jibu linapaswa kuwa katika amri. Vivyo hivyo kwa umoja na wingi. Kabla ya kumshuku mtunzi, hakikisha umbo la jibu lako linafanana na umbo la kidokezo.

Na si kila hila ya Alhamisi ni rebusi. Watunzi wengine hulipeleka neno nje ya ukingo wa gridi, wengine hulikunja kona, wengine huacha herufi makusudi. Zote hizo huleta malalamiko yaleyale ya neno kutoenea. Tazama tena MATATU kwenye kona yetu: pengo liko mwisho kabisa wa neno, na chini yake ni kisanduku cheusi. Ungekuwa na haki ya kuhisi kwamba mtunzi ameandika T kwenye pengo kisha akaziachia A, T, U zimwagikie chini. Wima peke yake hauwezi kukukatalia. Ni mlalo unaokata shauri: ukiweka T moja tu, safu ya tatu inasomeka UTZI, na si neno. Neno linalotoka nje huacha neno linalolikata likiwa zima kwenye visanduku vyake. Rebusi hulivunja pia.

Iko aina moja inayoikwepa kanuni hii: kisanduku kinachosomeka namna moja kwa mlalo na namna nyingine kwa wima. Hapo ziada mbili zinaweza kutofautiana na zote zikawa sahihi. Aina hiyo ni ngumu, na mhariri mzuri haichapishi bila msaada. Msaada huo ni kidokezo maalumu, mara nyingi kimewekwa karibu na mwisho wa orodha, ambacho jibu lake linataja kwa mafumbo kilichofanyika. Ukikwama, kitafute mapema. Katika fumbo kamili la kona yetu, jibu la kidokezo hicho lingekuwa TARAKIMU.

Kwa sababu mtunzi hatii rebusi moja na kuishia hapo. Anazipanda kadhaa, nazo huwa za ukoo mmoja: ama neno lilelile kila mahali, ama maneno ya kundi moja. Ukishapata TATU, rudi kwenye vidokezo vyote ulivyoviruka na uvisome upya ukiwa na namba kichwani. MKUTANO katika visanduku vinne ghafla unaenea, nao unakatwa na MAPATANO katika visanduku vitano. Kinachokupa SABABU katika visanduku vitatu kinakupa pia SABAHI. Usitegemee tu kwamba visanduku hivi vitapangika kwa ulinganifu kama vile vyeusi. Wakati mwingine vinapangika, mara nyingi havipangiki.

Kwenye karatasi, andika herufi ndogondogo ndani ya kisanduku, au tarakimu 3 ukipenda. Kwenye programu ya New York Times kuna kitufe kilichoandikwa Rebus kinachokuruhusu kuingiza herufi zaidi ya moja mahali pamoja, na mara nyingi hata herufi ya kwanza peke yake hukubaliwa.

Ngumu kuliko zote ni ile inayokaa kwenye kisanduku cha kwanza cha maneno yote mawili, kwa kuwa huna mwanzo wa kushika. Tuseme mlalo una visanduku vitatu na kidokezo ni "nawiri". Wima una vitatu na kidokezo ni "watembeapo mabaharia juu ya meli". Majirani wamekupa WI kwa mlalo na HA kwa wima. Ukifikiri STAWI, ziada ni mbili, kisanduku kina STA, na wima unakuwa STAHA, ambayo ni neno zuri kabisa la Kiswahili, lakini ni heshima, si sehemu ya meli. Hapa ziada zimelingana na bado si jibu. Lirefushe neno kama wengi walivyozoea kulitamka, SITAWI, na ziada inakuwa tatu. Kisanduku kina SITA, wima unasomeka SITAHA, na mabaharia wamepata pa kutembea.